Tupeane uzoefu: -ino na -one za Kiitaliano mnazipelekaje kwenye Kiswahili?

Msomaji wa Usiku
Ndugu zangu, ninatafsiri hadithi ya watoto kutoka Kiitaliano, na nimekwama kwenye maneno ya bibi anayemwita mjukuu wake wa kiume: «Dammi la manina, tesorino, che fa freddino.» Mkono, hazina na baridi vyote vimetiwa kiambishi cha udogo, ingawa bibi hapimi kitu chochote bali anabembeleza. Nikiandika «nipe kijikono», ninahofia kwamba msomaji ataona mkono uliodumaa. Naomba wenye uzoefu waeleze wanavyofanya.

Kalamu ya Tanga
Sioni ugumu wowote hapa. Penye -ino au -etto weka ki-, na penye -one weka ji- au uondoe kiambishi cha mwanzo. Libro huzaa libretto, nasi kitabu chetu kinazaa kijitabu. Porta huzaa portone, nasi kutoka mlango tunapata lango. Kanuni hiyo moja inatosha.

Mzee wa Kamusi
Lango nalikubali, kwa kuwa portone nayo ni mlango mkuu wa jengo unaotazama barabara, si mlango wowote uliopanuka. Kwa watu na viungo vyao, hata hivyo, kanuni hiyo inavunjika, na ushahidi uko kwenye upatanisho. Tunasema «mtoto yule analia», lakini mwenye kuudhika husema «kitoto kile kinalia», na hapo mtoto ameshatolewa kwenye ngeli ya watu na kuwekwa pamoja na viti na vikombe. (Kijana amesalimika, kwani bado tunasema «kijana anakuja».) Mwitaliano akitaka dharau anayo -accio, kama katika ragazzaccio, yaani mvulana mtukutu au mwovu, ingawa sauti ya kejeli yaweza kuichafua hata -ino. Ki- yetu hubeba udogo na dharau kwa pamoja, na ji- hubeba ukubwa pamoja na ubaya wa umbo.

Kwa hiyo mimi huligawa neno. Mapenzi huyahamishia kwenye namna ya kuitana, kwa sababu bibi wa kwetu akimbembeleza mjukuu humwita «baba» au «mwanangu», naye mtoto husikia utamu uleule. Freddino ndiyo rahisi kuliko yote: «kuna kibaridi» husemwa kila siku, na hakuna mtu wa kudharauliwa humo. Kwa -one, ragazzone mwenye mwili na moyo mwema usimwite jitu, maana watoto watakimbia. «Pande la kijana» linatosha.

Mpishi wa Watamu
Jikoni tulikuwa na tortellini, ambazo ni ndogo na mara nyingi huliwa ndani ya supu, na tortelloni, ambazo ni kubwa zaidi. Spaghettini nazo ni nyembamba kuliko spaghetti, na spaghettoni ni nene. Je, hizo nazo mnataka tuziite vitambi na matambi? Wateja wangecheka sana.

Mzee wa Kamusi
Hizo ni majina ya vyakula, ziache zilivyo. Ila umenikumbusha mtego mwingine, kwamba si kila mwisho wa namna hii ni kiambishi. Tacchino ni bata mzinga, wala si kisigino kidogo cha kiatu, ingawa tacco ni kisigino. Burrone ni korongo, haihusiani na burro, yaani siagi. Ukiondoa kiambishi ukapata neno ambalo maana yake haina undugu na lile la kwanza, fungua kamusi kabla ya kuendelea.

Mwongozaji wa Malindi
Wageni wangu huniambia watarudi baada ya «un'oretta». Ukiifuata kanuni ya ndugu yetu wa Tanga utasema «kisaa», nawe utaanza kuwasubiri kabla ya saa kutimia, ilhali wao huweza kutokea baada ya saa moja na nusu bila kuona kwamba wamechelewa. Mimi humwambia dereva «kama saa moja hivi», na neno «hivi» ndilo linalofanya kazi ya -etta.

Mwana wa Lubumbashi
Kwetu mnajisumbua bure. Tunasema katoto, na wakiwa wengi ni tutoto, wala hakuna anayekasirika.

Kalamu ya Tanga
Nairobi pia wanasema hivyo, lakini Kiswahili sanifu hakina ngeli ya ka-, na mhariri ataifuta.

Mwana wa Lubumbashi
Mhariri aifute kwenye masimulizi. Kinywani mwa bibi ana haki gani ya kuifuta?

Msomaji wa Usiku
Nimefikia hapa: «Nipe mkono wako, baba, kuna kibaridi.»

Mpishi wa Watamu
Ni tamu, lakini udogo wa mkono umepotea, na mtoto asiyeuona mchoro hatajua kwamba mkono huo unaenea kwenye kiganja cha bibi. Andika «nipe vidole vyako».

Mzee wa Kamusi
Vidole vitamfanya msomaji adhani bibi anataka kuvikagua. Mimi ningeacha mkono.

Mwongozaji wa Malindi
Mimi niko upande wa mpishi.