Mrejesho: salamu za kuzaliwa kwa mwenzangu wa stoo

Niliuliza: "Nimwandikie nini mwenzangu wa stoo hapa Jinja, mtu tusiyeelewana, bila kujifanya rafiki?"

Ahsanteni. Nilitafuta jambo moja ninalolikubali kwake kwa dhati, nalo ni hesabu zake za mzigo. Nikamtumia yeye peke yake, maana kwenye kundi la ofisi ingeonekana nawaandikia watazamaji:

"Heri ya siku ya kuzaliwa, Mzee. Unapohakiki mzigo kabla lori halijatoka, kazi yangu inakuwa nyepesi. Nakutakia afya njema."

Sikugusa ugomvi wetu, wala sikuweka "ingawa". Alijibu: "Asante sana, ndugu yangu." Kuhusu zamu bado tunabishana, hilo nitalizungumza naye siku nyingine, ana kwa ana.