Tupeane uzoefu: jedwali la ukweli lilikukamata wapi?

Mtoto wa Chake
Assalaam alaykum jamaa. Jumanne tulifanya jaribio la kompyuta hapa Chake, na kuna suala moja linaniuma mpaka leo. Mchoro una inputi tatu, A, B na C. A na B zinaingia geti la kwanza, waya unaotoka nimeupa jina D. B hiyohiyo inagawika, inaingia geti la OR pamoja na C, inatoka E. Halafu D na E zinakutana kwenye AND, ndiyo Q. Tukaulizwa: safu ya Q, ikisomwa kutoka juu kwenda chini, ni ipi katika hizi nne?

Nikachagua 00000011 na nikahakiki mara mbili. Kumbe geti la kwanza lina kiduara kwenye ncha, kidogo kama mbegu ya ufuta, na karatasi yenyewe fotokopi ya fotokopi. Si AND ile, ni NAND. Jawabu ni 01110100. Haya, na nyinyi semeni, lilikukamateni wapi?

Bi Mwalimu
Waalaykum salaam mwanangu. Ile 00000011 haikuwekwa pale kwa bahati, imetegwa kwa ajili ya asiyeona kiduara. Na wewe ulikuwa na njia ya kushtuka. Ukiisoma kama AND, D ni moja pale tu A na B zote zikiwa moja. Lakini B ikiwa moja, OR imeshatoa moja, C iwe itakavyo. Kwa hiyo Q yako yote ni A·B, na C haina kazi. Inputi ikikosa kazi kabisa, rudi kwenye mchoro utazame ncha za mageti kabla hujafunga karatasi.

Kuhakiki mara mbili hakukukufaa kwa sababu ulihakiki hesabu, hukuhakiki mchoro. Mimi wanafunzi wangu hawaruki safu za kati hata wakiwa hodari. Hii hapa:

```
A B C | D E | Q
0 0 0 | 1 0 | 0
0 0 1 | 1 1 | 1
0 1 0 | 1 1 | 1
0 1 1 | 1 1 | 1
1 0 0 | 1 0 | 0
1 0 1 | 1 1 | 1
1 1 0 | 0 1 | 0
1 1 1 | 0 1 | 0
```

Jaza D yote kwanza, ukitazama A na B tu, funika C kwa kidole. Sufuri zinakuja mbili, za mwisho. Kisha E yote, ukitazama B na C. Q inabaki kazi ya kusoma safu mbili zilizokaa pamoja.

Yakhe wa Bububu
Mimi kiduara hakinisumbui. Nageuza A, nageuza B, halafu nafanya AND ya kawaida. Mwaka mzima nafanya hivyo na napata vema.

Bi Mwalimu
Yakhe, hebu jaribu A=0, B=1. Ukigeuza unapata moja na sufuri, AND yake sufuri. NAND ya kweli hapo inatoa moja. Wewe unatengeneza NOR bila ya kujua.

Yakhe wa Bububu
Mbona nilikuwa napata?

Bi Mwalimu
Kwa sababu A na B zikifanana, njia zote mbili zinatoa jawabu moja. Zikitofautiana ndipo unapozama. Katika suala hili ungepata 01000000, yaani mstari mmoja tu. De Morgan alishatuonesha: ukiingiza kiduara ndani, geti nalo linageuka. (A·B)' ni A' + B', si A'·B'. Njia yako nzuri, umeiacha nusu.

Yakhe wa Bububu
Basi nina karatasi nne za kwenda kuzifumua upya leo 😅

Ami wa Ngazi
Mimi sikusoma mambo haya, lakini nyumba yangu Mwanakwerekwe ina hilo geti lenu la OR. Swichi moja chini ya ngazi, moja juu. Yoyote ukiibonyeza taa inawaka.

Fundi Saketi
Ami, heshima yako, hiyo si OR. Ukishawasha kwa ya chini, ukapanda ukaibonyeza ya juu, taa inafanyaje?

Ami wa Ngazi
Inazimika, ndiyo raha yake.

Fundi Saketi
Basi OR ingeiacha inawaka, maana kwa OR moja na moja ni moja. Yako ni XOR, zikitofautiana ndiyo taa. Au kinyume chake, itategemea fundi wako alivyounga zile waya mbili za kati.

Bint Wete
Mimi jedwali langu lilikuwa sahihi mstari kwa mstari, na bado nikakosa. Nilianza kubadilisha A kila mstari, C ikawa ya pole pole. Kwa saketi hii hii safu yangu inasomeka 00101110. Hakuna mstari ulio na kosa, mpangilio tu. Kwenye karatasi ya kuchagua, nani atakusikiliza? Siku hizi naandika kwanza C: 0,1,0,1 mpaka chini, kisha B mbili mbili, kisha A nne nne.

Fundi Saketi
Sasa yangu. Niliiunga saketi kama hii kwenye bredibodi kwa chipu za 7400, 7432 na 7408, familia ya LS, moto wa volti 5. Nikaweka A na B kwenye grandi, C sikuiunga popote, nikasema waya usio na kitu ni sufuri. Taa ikawaka! Jedwali linasema 000 inatoa sufuri. Nikabadilisha chipu mbili, hasara tupu. Kumbe kwenye familia hiyo mguu uliouacha hewani unasomwa kama moja, kwa hiyo nilikuwa mstari wa 001. Nilipoipeleka C kwenye grandi, taa ikazima. Chipu za HC ndiyo hazina mwenyewe kabisa, mguu wa hewani unayumba, ukisogeza mkono tu jawabu linabadilika.

Mtoto wa Chake
Kuna sehemu ya pili ya suala, "rahisisha Q". Niliandika A'·B + A'·C + B'·C, safari hii kwa NAND, nikapewa nusu ya alama. Nimeichora kwenye jedwali, inatoa 01110100 hiyo hiyo!

Bi Mwalimu
Ni sawa na Q, ila haijarahisishwa mpaka mwisho. A'·C inakupa mistari ya 001 na 011. Ya kwanza B'·C imeshaichukua, ya pili A'·B imeshaichukua. Itoe, hakuna kinachopungua.

Fundi Saketi
Kwenye karatasi, Bi Mwalimu. Kwenye meza mimi ningeiacha. A ikiwa sufuri na C moja, B ikibadilika, geti moja linazima kabla jengine halijawaka, na Q inaweza kupepesa chini kidogo. Hicho kipande cha ziada ndicho kinachoishikilia.

Bi Mwalimu
Suala halikusema meza. Limesema rahisisha.

Bint Wete
Lakini Bi Mwalimu, nusu nzima kwa kipande kimoja cha ziada?

Mtoto wa Chake
Kesho naipeleka karatasi kwa mwalimu. Kiduara sitakigusia, kile nimekubali.