Gari ya "watu watano" imenishinda kwa watoto watatu!

Mama Watatu, Bamburi:
Jamani, nina hasira! Nilimwambia muuzaji wa yadi mapema: nina watoto watatu, wa miezi minane, miaka mitatu na miaka sita. Akaniambia, "Dada, ISOFIX iko, watano wakaa raha." Kweli iko. Alichonyamazia ni kuwa vile vyuma vyake vya kunasia siti za watoto viko pembeni tu, kushoto na kulia. Katikati hakuna.

Nimepima. Kiti cha nyuma ni sm 130. Siti za wadogo ni sm 44 kila moja, zikaacha sm 42, na busta, ile siti ya kumwinua mkubwa, ni sm 40. Hesabu yakubali, gari yakataa! Kila siti imejiachia sm 4 bure upande wa mlango, kwa hivyo katikati nimebaki na 34. Na kile kifungio cha mkanda wa katikati kimelaliwa na siti ya mdogo. Jana nimechubuka vidole nikikitafuta, na chuma chenyewe kimeiva jua.

Baba Swafiya:
Wangu walikuwa wakifungua mlango njiani. Weka ile loki ya watoto, dada, shida itaisha.

Mama Watatu, Bamburi:
Kaka, umesoma nilichoandika?

Fundi wa Kongowea:
Vyuma vya ISOFIX vimeachana sm 28, vimechomelewa, havisogei. Siti ikishavishika haiendi kushoto wala kulia. Ya miaka mitatu itoe kwenye vyuma, uifunge kwa mkanda wa gari ikiwa kitabu chake charuhusu, uibane hadi mlangoni. Kisha ishike pale mkanda unapopita, itikise. Ikicheza zaidi ya sm 2.5, rudia kukaza.

Kijana wa Nyali:
Usithubutu! Salama ni ISOFIX peke yake, mkanda ni wa watu wazima.

Fundi wa Kongowea:
Uzuri wa ISOFIX ni kuwa si rahisi kukosea. Mkanda ukikazwa sawasawa washika vizuri, ila wengi huulegeza.

Mzee wa Noah:
Uza, nunua Noah.

Fundi wa Kongowea:
Na huko nako aangalie. Zingine mstari wa kati ni siti mbili zilizoachana. Popote aendako, abebe siti zote tatu, azifunge palepale yadi, na mkubwa ajifunge mwenyewe.

Mama Watatu, Bamburi:
Nimejaribu, Fundi. Nimepata 38. Busta bado yakataa kwa sm 2, na siti ya mdogo kitabu chasema ISOFIX tu. Natafuta busta nyembamba, lakini kile kifungio bado kiko chini ya siti. Muuzaji nimempigia mara tatu leo, hashiki simu.