Ushauri: kava la video ya mawaidha halisomeki, na kamati ya msikiti wanataka niliondoe

Mwana_Shangani:
Assalaam alaykum, na habari zenu wakuu. Nina chaneli ya YouTube, nakata vipande vya darsa za shehe wetu hapa Mtwara mjini. Darsa huchukua karibu saa nzima, natoa kipande cha dakika nne au tano, natengeneza kava, napandisha.

Kipande cha mwisho kinahusu mali ya yatima, aya ya 10 ya Suratun-Nisaa, ile ya wanaokula moto matumboni mwao. Kwenye kava niliandika: "ATAKAYEDHULUMU MALI YA YATIMA ANAKULA MOTO TUMBONI, SHEHE AWALIPUA WAJOMBA". Chini nikaweka aya yenyewe kwa Kiarabu, nyuma moto, kulia shehe, kushoto mtu amesimama na magunia ya korosho. Wakati natengeneza naliona safi kabisa. Likiingia YouTube hakisomeki kitu. Na mjumbe wa kamati ya msikiti amenipigia, anataka niliondoe kabla ya Ijumaa.

Naomba kujua herufi ziwe na ukubwa gani, na kama moto unafaa kwenye kava la dini. Nina wasiwasi kweli, hii kazi naipenda.

Nyangao_Kwaya:
Mkuu, mimi naendesha chaneli ya kwaya huku Lindi. Siri ni rangi. Weka njano juu ya nyekundu, na uso wa mhubiri uchukue nusu ya kava, mdomo wazi kabisa ili mtu aone anakemea. Sisi tangu tuanze hivyo watu wanabonyeza. Kuna siku tuliweka picha ya kwaya nzima, watu arobaini wamejipanga, hakuna aliyeitazama. Nyuso zilikuwa kama punje za mtama.

Mchinga Mbili:
Hilo somo la wajomba limenigusa. Baba yangu alipofariki, mikorosho yote ilisimamiwa na mjomba mpaka sisi tukawa watu wazima, na msimu ukifika pesa ya mnada tulikuwa tunaisikia tu. Watu wa huku mjomba ana sauti kuliko baba. Shehe amesema vipi kuhusu mikorosho iliyopandwa na marehemu kwenye ardhi ya ukoo wa mke? Nisaidie hilo kwanza.

Binti_Mikindani:
Wa alaykumu salaam kaka. Mimi makava ndiyo kazi yangu, nyingi za mihadhara na nyingine za harusi. Nianze na herufi.

Kava unalichora kwa pikseli 1280 kwa 720, na kwenye Canva linajaza kioo cha simu yako, ndiyo maana unaliona safi. Mtazamaji hakutani nalo hivyo. Kwenye orodha ya pembeni ya YouTube kwenye kompyuta linakuwa na upana wa pikseli 168 tu, yaani limepungua zaidi ya mara saba. Herufi uliyoichora kwa kimo cha pikseli 40 inafika kwake ikiwa na pikseli tano, hapo jicho linaona vumbi. Ukiichora kwa kimo cha 120 inafika ikiwa na 15 au 16, inasomeka. Kwa hiyo usishuke chini ya 100.

Ukishakubali 120, maneno yako kumi hayaingii tena. Na Kiswahili chetu kinabana zaidi, kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima. "ATAKAYEDHULUMU" peke yake lina herufi kumi na nne, linakula mstari mzima na bado halijasema nini kinadhulumiwa. Kwenye kava tafuta majina mafupi, vitenzi virefu viache kwenye kichwa cha video. Kwako ningeandika MALI YA mstari wa kwanza, YATIMA mstari wa pili kwa herufi kubwa zaidi, basi. Yapange kushoto juu, kwa sababu kona ya kulia chini YouTube inabandika muda wa video, na ukingo wote wa chini hupita mstari mwekundu kwa mtu aliyekwisha kuitazama kidogo.

Hapo ndipo aya yako ilipo. Muda na mstari mwekundu vinapita juu ya maneno ya Qur'ani. Iondoe kwenye kava. Sababu ya pili ni kwamba baadhi ya programu za kuhariri haziungi herufi za Kiarabu, zinaziacha moja moja na kuzipanga kinyume, na kwa ukubwa ule hata shehe mwenyewe hawezi kuona kosa. Aya iweke ndani ya video, anapoisoma, ikae kioo kizima na ikaguliwe na mtu anayesoma Kiarabu kabla hujapandisha.

Sasa na mimi nina swali. Kamati haikai kikao kwa sababu ya herufi ndogo. Wanataka uondoe kwa nini?

Mwana_Shangani:
Shukrani sana dada, hii ya vitenzi sikuwahi kuifikiria. Kamati nadhani ni moto tu, wazee hawapendi.

Mzee wa Ligula:
Moto una ubaya gani? Aya imetaja moto. Mimi ubaya ninaouona ni kuanza video bila Bismillahi. Vijana mnakata kipande kinaanzia katikati, "...kwa hiyo huyo mtu...". Baraka itoke wapi?

Binti_Mikindani:
Mzee wangu shikamoo. Bismillahi na hamdu shehe amezisema mwanzo wa darsa, na kipande ni sehemu ya darsa hiyo. Lakini kuhusu moto mimi natofautiana na wewe kwa adabu. Aya inazungumzia ghaibu, na ule moto anaouchukua mtandaoni ni wa ghala linaloungua. Mtoto akiona anadhani Jahannamu ni hiyo. Najua wapo masheikh wasioona tatizo, basi shehe wake aamue.

Nyangao, uso mkubwa uko sahihi. Mdomo wazi kwa mwimbaji ni sawa, lakini kwa shehe picha inayoganda katikati ya neno inamwonesha kana kwamba anagombana na jamaa. Mimi nasogeza fremu mojamoja mpaka nipate pale alipomaliza sentensi, mdomo umefunga na macho yanatazama watu.

Kaka Shangani, bado hujajibu. Huyo mtu wa magunia ni nani?

Mwana_Shangani:
Ni mtu tu. Picha niliipiga mwenyewe ghalani, si ya kuiba mtandaoni.

Binti_Mikindani:
Ana jina?

Mwana_Shangani:
Sawa. Ni jirani wa mtaa wa pili. Anasimamia mirathi ya dada yake, na watoto wa huyo dada wana kesi naye. Sikumtaja jina popote. Nilitafuta picha ya magunia kwenye simu nikakuta hiyo ndiyo yenye mwanga mzuri. Sasa watu wamemtambua, wanalituma kava kwake na kwa familia yake. Lakini jamani, shehe amesema haki, na video ndiyo imetazamwa kuliko zote nilizowahi kupandisha. Tayari nimetengeneza kava la pili, uso nimeufifisha, nimeyaweka yote mawili kwenye "Test & compare" YouTube ichague yenyewe. Nadhani hiyo inatosha.

Nyangao_Kwaya:
Duh.

Kitangari74:
Wakuu hii ni chai. Angalieni vizuri. Kipande amekipandisha juzi, magunia ya korosho ghalani sasa hivi yametoka wapi? Minada inaanza Oktoba. Halafu kwa bahati tu picha ya jirani mwenye kesi ya mirathi ikawa na mwanga mzuri. Kesho huyu anatuwekea linki ya chaneli, tunabonyeza wote, ametajirika.

Mchinga Mbili:
Mimi pia niliona ajabu. Swali langu la mikorosho hajajibu, mtu aliyesikiliza hiyo darsa angejua.

Mwana_Shangani:
Kitangari, picha ni ya msimu uliopita, nimesema niliikuta kwenye simu. Linki siweki na sijaombwa. Mchinga, shehe hakugusa ardhi ya ukoo wa mke. Alisema "wasimamizi wa mirathi", basi.

Binti_Mikindani:
Iwe kweli iwe chai, kuna mwingine anasoma hapa na ana kava kama hilo, kwa hiyo nitajibu.

Kaka, umeandika mwenyewe sasa hivi: shehe alisema wasimamizi wa mirathi. Neno "wajomba" halikutoka kwake, na "awalipua" halikutoka kwake. Umeliweka karibu na uso wake na uso wa jirani. Anayeona kava bila kufungua video anaondoka akijua shehe amemsema fulani msikitini. Hapo ndipo kamati ilipo, kwa maoni yangu, maana shehe atakutana na huyo jirani kwenye safu ya Ijumaa.

"Test & compare" haikusaidii. Jaribio linaweza kwenda hadi wiki mbili, na muda wote huo kava la kwanza linaendelea kuoneshwa kwa sehemu ya watu. YouTube inapochagua inaangalia kava lipi limeleta muda mwingi wa kutazama. Haijui kesi ya mirathi. Uso wenye nyota huvuta sana, inaweza kabisa kukuchagulia lile baya. Simamisha jaribio leo.

Na kufifisha uso hakumfichi. Shati lake, ghala, namna anavyosimama, mtaa mzima unavijua, na ukungu usoni unamwambia mtu asiyemjua kwamba kuna wa kufichwa. Mtoe kabisa. Weka mizani ya kupimia korosho na gunia tupu, au mkorosho bila mtu. Na wala usimbadilishe na picha ya mtoto yatima.

Jambo moja zaidi: ukibadili kava YouTube, linki zilizokwisha tumwa WhatsApp zinabaki na picha ya zamani kwenye magrupu. Kwa hiyo ningeifunga hii video na kupandisha upya kwa linki nyingine. Utapoteza idadi ya watazamaji, ndiyo.

Mwana_Shangani:
Idadi ndiyo inaniuma dada. Na kile kipande kifupi cha Shorts? Kile hakina kava, kinaanza na nembo ya msikiti inazunguka sekunde saba.

Binti_Mikindani:
Kule video inaanza yenyewe kidole kinapopita, kwa hiyo fremu ya kwanza ndiyo kava lako. Nembo sekunde saba, mtu ameshapita. Fungua grafu ya utazamaji kwenye Studio, utaona mstari unaporomoka kabla shehe hajafungua mdomo. Anza na yeye anasema sentensi yenyewe, juu yake MALI YA YATIMA kwa sekunde mbili. Usiyaweke chini wala kulia, huko kuna vitufe na maelezo. Nembo isogee mwisho.

Mzee wa Ligula:
Na jirani umekwenda kumwona?

Mwana_Shangani:
Bado mzee. Jaribio nimelisimamisha, video nimeiweka Private. Kava jipya nimeanza, mizani na gunia. Kuhusu kichwa cha video, nikiandika "Wasimamizi wa mirathi na mali ya yatima" kinakuwa kizito, hakina mvuto. Nikibakiza "wajomba" bila picha yake bado ni vibaya?

Kitangari74:
Ndiyo. Watu wameshaunganisha.

Binti_Mikindani:
Andika "Unasimamia mirathi? Sikiliza hili". Halafu mwoneshe shehe kava na kichwa kabla hujapandisha, usisubiri kamati ipige simu.