Who au whom katika barua pepe kwa wateja

Muuliza swali, Mombasa: Ninawaandikia wateja wa ofisi ya uwakala wa forodha. Jana niliandika “Who should I send the invoice to?”, mkuu wangu akairudisha akitaka whom. Je, nilikosea?

Mhariri: Hukukosea. Swali likianza na who, na to ikabaki mwishoni, wasomaji wengi wa barua za biashara leo huliona la kawaida. Lakini ukiileta to mbele, andika “To whom should I send the invoice?”, kwa maana “To who” humkwaza hata asiyejali kanuni. Mimi naogopa zaidi whom inayopachikwa pasipo pake ili barua ionekane ya heshima, kama “our accountant, whom will assist you”. Jipime kwa Kiswahili: mteja aliyetuandikia ni mtenda, hivyo ni who, mteja tuliyemwandikia ni mtendwa, ile -mw- ndani ya kitenzi inakuambia, hivyo ni whom.

Karani wa bima: Kipimo hicho ni kirefu. Baada ya to ni whom siku zote, ndiyo maana mimi huandika “Please forward this to whomever handles claims”.

Mhariri: Sentensi yako inahitaji whoever. Huyo ndiye anayeshughulikia madai, yaani ni mtenda wa handles, na to imebeba maneno yote matatu yanayofuata, si lile la kwanza peke yake. Mtego kama huo umo katika “the officer whom we believe signed the form”. Ondoa we believe, anabaki afisa aliyetia saini, kwa hiyo ni who.

Msimamizi wa ghala: Kwetu kila barua huanza na “To whom it may concern”, hata kwa mteja wa miaka mingi, mpaka mmoja akauliza kama kweli tunamjua. Je, tuiache?

Mhariri: Hilo ni jambo jingine, ila ndiyo: mwandikieni kwa jina lake. Fungu hilo halibadiliki kuwa who, lakini linamfaa msomaji msiyemjua.

Mwalimu wa Kiingereza: Mhariri ameruhusu mapema mno. Mteja akiwa wakili au mkaguzi wa hesabu, huenda who ile akaihesabu kuwa uzembe, nawe hutakuwapo kujitetea. Penye shaka, liepuke neno lenyewe: “the clerk you spoke to” ni Kiingereza safi kisicho na who wala whom.

Mhariri: Njia hiyo inafaa katika maelezo, ila swali la ankara halina pa kulificha neno hilo. Bado ningeandika who kwa mteja tuliyezoeana naye, na “To whom” kwa wakili.

Muuliza swali, Mombasa: Mteja wangu ni kampuni, na barua husomwa na karani kisha na wakili wao. Nimwandikie yupi kati yao?