Wakili wa ofisini au "mtu wa mahakamani"? Nisaidieni kulinganisha kabla sijatoa hela

MamaDuka
Wakuu, habari za kazi. Nilimkopesha mfanyabiashara mwenzangu mzigo, sasa hataki kulipa, nataka kumshtaki. Nimeonana na watu wawili. Wa kwanza alinifuata nje ya geti la mahakama. Anataka 30 katika kila 100 ya deni, nusu nimpe sasa hivi mkononi, na anasema hakimu ni mtu wake. Wa pili ana ofisi. Anataka 12 katika kila 100 kwa awamu nne, gharama za mahakama nilipe mwenyewe, na amekataa kabisa kuniahidi ushindi. Mume wangu anaona wa geti ndiye mwenye uhakika. Mnasemaje?

Kifaru
Wa geti ni kishoka, mkimbie. Ila hata huyo wa pili sina imani naye. Wakili wa kweli haombi hela ya mwanzo, analipwa kesi ikiisha.

MzeeWaMasjala
Kifaru, la kwanza umepatia, la pili hapana. Malipo ya awali ni kawaida. Cha kuangalia ni yanaingia wapi na kwa karatasi gani: akaunti ya ofisi, stakabadhi yenye jina lako, na mkataba unaosema awamu ile inalipia kazi ipi.

MamaDuka, nimekaa masjala miaka mingi, hao wa getini nawajua. Kinachouzwa pale ni matokeo ambayo muuzaji hana mkono nayo. Anachukua hela kwa watu wengi, hakimu hata jina lake halijui. Kati ya hao wapo watakaoshinda kwa haki yao, nao watasema jamaa ana nguvu. Walioshindwa huambiwa upande wa pili uliongeza dau. Wengine huchukua pande zote mbili za kesi moja, wakamrudishia kidogo aliyeshindwa ili asipige kelele.

Hasara kubwa ni ya karatasi. Hati ya madai iliyoandaliwa na mtu asiye wakili inaweza kutupwa, na deni lina muda wake wa kushtakiwa. Muda ukipita, hata ushahidi mzuri haukusaidii.

BintiMwalimu
Mimi wakili wangu ni halali kabisa na bado kesi ya kiwanja ilifutwa kwa kuwa hakufika tarehe mbili. Kwa hiyo leseni si kila kitu.

MzeeWaMasjala
Pole sana dada. Huo ni uzembe, na una pa kuulalamikia, kwenye chombo kinachosimamia nidhamu ya mawakili. Kishoka hana chombo kinachomsimamia. Unabaki na polisi tu, bila hata karatasi ya kuonyesha.

Nahodha
Mimi ni wakili. Usihakiki kwa kadi wala kwa muhuri ukutani. Chukua jina lake kamili, ulitafute mwenyewe kwenye orodha rasmi ya mawakili, uone kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Kisha linganisha sura na anwani, kwa sababu wapo wanaotembea na jina la wakili mwingine. Wapo pia mawakili wanaowaazima vishoka mihuri, na hili linaniuma. Kwa hiyo omba kuonana ana kwa ana na yule ambaye jina lake litakaa chini ya hati.

Kuhusu ada, tunatazama thamani ya madai, ugumu wa kazi na muda itakaochukua. Sehemu nyingi kuna viwango vilivyowekwa kisheria. Ile 12 yako mwambie aivunje: ngapi ni ya kuandaa na kufungua kesi, ngapi ni ya majibu na usuluhishi, ngapi ni ya kusikilizwa, ngapi ni ya hoja za mwisho. Tuseme ni 4, 3, 4 na 1. Mdaiwa akikubali kulipa kwenye usuluhishi, umelipa 7 na hudaiwi 5 zilizobaki, mradi mkataba uandike hivyo. Muulize pia kukazia hukumu kumo au hakumo. Watu wengi wanashinda kesi, kisha wanagundua kumfuata mdaiwa ni malipo mengine.

Gharama za mahakama zilipe mahakamani mwenyewe, upewe stakabadhi. Ukishapata namba ya kesi, nenda masjala uulize kama ipo na tarehe ni lini.

Kifaru
Nimeelewa kuhusu hela ya mwanzo. Lakini kudai asilimia ya deni si kosa kwa wakili?

Nahodha
Kupima ada kwa thamani ya deni si sawa na kusema "nilipe nikishinda tu". Hilo la pili nchi nyingine zinaruhusu, nyingine zinakataza.

MamaDuka
Asanteni. Kesho naenda kuomba huo mchanganuo na kumuona atakayesaini. Swali moja: nikishinda, mdaiwa atanirudishia ada yote?

MzeeWaMasjala
Mara chache yote. Mahakama inapitia bili mstari kwa mstari na kukata inachoona kimezidi, kwa hiyo tunza kila stakabadhi. Malipo uliyompa mtu mkononi pale getini hutaweza kuyaweka kwenye hiyo bili.

BintiMwalimu
Na mimi kesi yangu ikifunguliwa upya, nitalipa ada tena?