Notsi za lekcha: fomu moja yenye vipengele vinne, kugawa ukurasa, au madesa tu?

korosho_mbichi (Mtwara)
Wakuu habari za jioni. Nasoma diploma ya kilimo mwaka wa kwanza na notsi zangu zimekuwa msitu, lekcha ya saa mbili inakula kurasa nane halafu siku ya tesiti sijui nianzie wapi. Kuna rafiki yangu kila lekcha anaibana kwenye ukurasa mmoja wenye vichwa vilevile: kusudi, hoja kuu, mifano, maswali yaliyobaki. Mwingine anagawa ukurasa kwa mstari, kushoto maswali kulia notsi. Wengine wanasoma madesa na pasti pepa basi. Nishike ipi?

mwalimu_Nachingwea
Sisi hiyo tunaiita andalio la somo, na bila lengo mahususi mkaguzi hakuelewi. Tumia vitenzi vya kupimika, kueleza, kutaja, kulinganisha.

dada_Mikindani
Mwalimu shikamoo, nadhani anaulizia upande wa anayesikiliza, sio anayefundisha. Ila hilo la kitenzi nalichukua maana ndo panapowashinda wengi. Mimi nimetumia vipengele vinne miaka miwili, niseme kwa somo lako mwenyewe. Tuseme lekcha ni ubwiriunga wa mikorosho. Ukiandika kusudi "kujifunza ubwiriunga" umenakili kichwa cha habari tu. Andika "niweze kueleza kwa nini salfa inawahishwa kabla ugonjwa haujatapakaa". Hapo hoja zinajichagua zenyewe: ni ukungu, unashika majani machanga na maua, salfa inakinga lakini ua lililokwisha kauka hairudishi. Hoja 3 zinatosha, na historia ya zao yote aliyoisimulia mwalimu inabaki kwenye daftari.

Mifano weka ya mwalimu mmoja na wako mmoja. Wa mwalimu, robo kilo ya salfa ya unga kwa mti mkubwa kwa raundi. Wako unatoka nyumbani, mzee anawahi kupuliza alfajiri umande haujakauka na upepo umetulia, ukiweza kueleza kwa nini anafanya hivyo (unga unanata, haupeperuki kwa jirani) basi hoja imekuingia. Ukikosa wa kwako hapo ndo ujue hujaelewa, usipaache wazi ukapita.

Lindi_mjini_77
Mimi nashauri ujaze fomu mle mle darasani mwalimu anavyoongea, unaokoa muda, jioni huna kazi.

dada_Mikindani
Kaka muda unaokoa kweli, ila nilijaribu muhula mzima ikaniharibia. Mwalimu kusudi lake mara nyingi linaonekana mwishoni, sasa wewe dakika ya 5 ushaliandika, yanayofuata unayalazimisha yaingie. Darasani andika ovyo ovyo, jioni ileile kaa dakika 20 ujaze, na uanze bila kufungua daftari. Unachokumbuka andika, halafu ndo fungua uone ulichokosea. Ukiacha mpaka Jumamosi utakuwa unanakili tu.

nesi_Masasi
Mimi kilichonisaidia ni kugawa ukurasa. Kwenye dawa na dozi vitu ni vingi na vyote vinatakiwa, ukisema hoja 3 unaacha kitu ambacho wodini kitaulizwa. Nafunika kulia, najiuliza kushoto. Ile ya vipengele vinne nilikuwa na kurasa nzuri kabisa halafu mtihani ukaniangusha, nikapiga sapu, kwa sababu nilikuwa nazisoma tu sijiulizi.

dada_Mikindani
Pole sana mdogo wangu. Kwa orodha za kukariri nakubaliana na wewe, fomu haifai. Na hilo la kujiuliza ni kweli hata kwangu, nasoma kusudi nafunika chini kisha nasema hoja kwa sauti.

fundi_takwimu
Na hesabu je? Lekcha yangu yote ni swali moja linatatuliwa hatua 12. Hoja kuu mstari mmoja, mfano kurasa tatu. Hapo ukurasa mmoja unatoka wapi?

dada_Mikindani
Hapo sina jibu zuri. Niliona mtu anaandika tu hatua ambayo angekwama na sababu yake, ila sijui kama inatosha kwenye mtihani.

korosho_mbichi
Asanteni. Jana nimejaribu kwa hiyo hiyo ya ubwiriunga, dakika 35 sio 20. Kipengele cha maswali ndo kilinichelewesha, mwanzo niliandika "ubwiriunga ni nini" nikafuta maana jibu liko kwenye daftari. Nikabaki na moja: kuna mikorosho ya mbegu za Naliendele inashikwa kidogo na ugonjwa, je nayo inapulizwa raundi zilezile? Nimeandika pembeni nimuulize mwalimu Alhamisi. Na swali likijibiwa mnafuta au mnaliacha na jibu lake?

nesi_Masasi
Liache, ila andika na tarehe.